Senti 20 za Desemba

Mfanyakazi anayelipwa mshahara uleule kuanzia Januari hadi Desemba, kwa mwajiri mmoja, huwa hana hesabu kubwa ya kufanya na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) mwaka unapokwisha. Tuseme fundi wa maabara mjini Nakuru alibaki na shilingi 60,000 za kutozwa kodi kila mwezi wa mwaka 2024, baada ya mchango wake wa NSSF kuondolewa. Kila mwezi mwajiri alimkata PAYE ya shilingi 10,383 na senti 35. Kwa miezi kumi na miwili hiyo ni shilingi 124,600 na senti 20. Kodi ya mwaka mzima, ikipigwa kwa mkupuo mmoja, ni shilingi 124,600 kamili. Amekatwa senti 20 za ziada.

Senti hizo hazimnunulii mtu hata peremende, lakini zina kisa chao, na kisa hicho ndicho kinachofanya mwingine adai maelfu huku mwenziwe akidaiwa.

Kodi ya mapato nchini Kenya ni ya mwaka. Sheria huuliza umepata kiasi gani katika miezi kumi na miwili, ikakata kwa ngazi: shilingi 288,000 za kwanza asilimia 10, shilingi 100,000 zinazofuata asilimia 25, kisha asilimia 30 kwa kiasi kinachozidi hapo. Ngazi mbili za juu zaidi ziko kwa ajili ya wenye mamilioni. Baada ya hapo kila mkazi hupunguziwa shilingi 28,800 kwa mwaka, inayoitwa nafuu ya kibinafsi. Zipo nafuu nyingine ndogo, kama ile ya bima, lakini hesabu za hapa zinaziacha kando.

Mwajiri naye hawezi kungoja Desemba. Huchukua ngazi hizo na nafuu hiyo, akazigawa kwa kumi na mbili: 24,000 za kwanza asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, zilizobaki asilimia 30, kisha nafuu ya 2,400. Ukizidisha 8,333 kwa 12 unapata 99,996, si 100,000. Zile shilingi nne zilizopotea njiani zilitozwa asilimia 30 badala ya 25, na tofauti yake ndiyo senti 20 za fundi wetu.

Kwa hiyo kila mshahara unapolipwa, mashine ya malipo humhesabia mfanyakazi kana kwamba mwezi huo ni kipande kimoja cha mwaka uliokamilika, chenye vipande kumi na viwili vinavyofanana. Mwaka ukikosa kufanana na picha hiyo, hesabu hupinda.

Chukua fundi yuleyule, ila mkataba wake uliisha Juni na hakupata kazi nyingine hadi mwaka ukamalizika. Kwa miezi sita alikatwa jumla ya shilingi 62,300. Mapato yake ya mwaka ni 360,000 tu. Kodi ya 288,000 za kwanza ni 28,800. Zinazobaki ni 72,000, na asilimia 25 yake ni 18,000. Jumla ni 46,800. Ondoa nafuu ya mwaka mzima, 28,800, abaki na deni la shilingi 18,000. Amelipa 44,300 zaidi ya anachodaiwa. Mwajiri wake hakukosea popote: alikata kama mtu ambaye angefanya kazi hadi Desemba, naye hakufika.

Fedha hizo hazirudi zenyewe. Njia yake ni kujaza ritani kwenye iTax kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata, akitumia fomu P9, ambayo mwajiri humpa kila mfanyakazi ikionyesha mwezi kwa mwezi alicholipwa na alichokatwa. Mapato yake huingia upande mmoja, PAYE iliyokatwa upande mwingine, na mfumo hutoa tofauti. Nambari ikitokea na alama ya kutoa, yeye ndiye anayedai. Hapo bado kuna hatua ambayo wengi huiruka: kutuma ombi la kurejeshewa kodi, likiwa na nambari ya akaunti ya benki. Ritani huonyesha kwamba pesa ilizidi; ombi ndilo linaloanzisha safari ya kuirudisha. Sheria inampa muda wa miaka mitano tangu kodi ilipolipwa.

Panapokwama mara nyingi ni kwa mwajiri. Karatasi ya mshahara inaweza kuonyesha kodi imekatwa, kumbe haikupelekwa KRA, au ilipelekwa ikaandikwa kwenye PIN ya mtu mwingine. Mfumo unajua tu kile ambacho mwajiri amekitangaza katika ritani yake ya kila mwezi. Mfanyakazi anaweza kuligundua hilo mapema: atoe karatasi zake zote za mishahara, aziweke kando ya P9, apitie safu ya kodi mwezi mmoja mmoja, kisha alinganishe jumla na kile iTax inachomwonyesha. Mwezi usiolingana apeleke kwa idara ya mishahara, ili ritani ya mwezi huo isahihishwe kabla yeye hajatuma ya kwake.

Upande wa pili ndio unaoumiza, kwa sababu humkuta mtu asiyejua kwamba ana deni. Fundi wetu sasa amefanya kazi mwaka mzima, na jioni anafundisha chuoni kwa shilingi 30,000 za kutozwa kodi kwa mwezi. Chuo kinamjua kama mwajiriwa wake tu: kinampa ngazi ya asilimia 10, kinampa nafuu ya 2,400, kinamkata 1,500. Kwa mwaka chuo kimekata 18,000 na maabara 124,600. Jumla ni 142,600.

Lakini mapato ya mwaka ni 1,080,000, na kodi yake baada ya nafuu moja ni 232,600. Pengo ni shilingi 90,000. Ukilifungua pengo hilo unaona limetoka wapi: 28,800 ni nafuu aliyopewa mara ya pili, na 61,200 ni ngazi za chini alizozipitia mara mbili, ilhali pesa yote ya chuo ilistahili asilimia 30.

Wako wanaojaza P9 moja na kuinyamazia ya pili. Haifai kitu, maana waajiri wote wawili wametangaza malipo yao kwenye PIN ileile. Tena tarehe ya deni si ile ya ritani: salio la kodi linatakiwa kufikia Aprili 30, miezi miwili kabla ya mwisho wa kujaza ritani. Anayeamka Juni anakuwa ameshaingia kwenye adhabu ya asilimia 5, yaani shilingi 4,500, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi.

Siku alipoanza kufundisha, fundi angekiambia chuo kwamba nafuu yake tayari anaipata maabara. Chuo kingemkata 3,900 badala ya 1,500, na pengo la mwaka lingeshuka hadi 61,200. Hizo hazikwepeki maadamu kila mwajiri anaanza kuhesabu kutoka ngazi ya chini, ila zinagawanyika: shilingi 5,100 za kuwekwa kando kila mwezi, zikingoja Aprili.