Samaki wa Luzira: Jumla hukadiriwaje bila kupima kila mtumbwi?

Kutoka Luzira, kando ya bandari ya Port Bell, mitumbwi ya uvuvi huingia Ziwa Victoria kila siku. Kupima samaki wa kila mtumbwi katika kila mwalo wa ziwa hilo ni kazi isiyowezekana, hivyo wataalamu hupima michache na kukadiria jumla.

Tatizo huanza pale mitumbwi inapokuwa haina nafasi sawa ya kuchaguliwa. Wanatakwimu wa Marekani Daniel Horvitz na Donovan Thompson walieleza suluhisho lake mwaka 1952: gawanya kila kipimo kwa uwezekano wa mtumbwi huo kuchaguliwa, kisha jumlisha.

Chukua mfano wa kubuni wa mwalo wenye mitumbwi minne. Mtumbwi A, wenye injini, umeleta kilo 80 za sangara. B kilo 48, C kilo 20 na D kilo 12. Jumla halisi ni kilo 160, lakini mpimaji haijui, na ana muda wa kupima miwili tu. Anaokota kikaratasi kimoja kati ya vitano: viwili vimeandikwa A na B, viwili A na C, kimoja B na D.

Kwa hiyo A ina nafasi 4 kati ya 5, yaani 0.8, B ina 0.6, C 0.4 na D 0.2. Akipata A na B, atagawa 80 kwa 0.8 apate 100, na 48 kwa 0.6 apate 80. Makadirio ni kilo 180. A na C hutoa 150. B na D hutoa 140.

Hakuna jibu lililogonga 160. Hata hivyo, wastani wa vikaratasi vyote vitano ni 160 kamili. Lau angechukua wastani wa mitumbwi miwili na kuuzidisha kwa nne, angepata 256, 200 au 120, na wastani wa vikaratasi vyote ungekuwa kilo 206.4. Kosa hilo lisingepungua hata akirudia zoezi mara elfu, kwa kuwa mitumbwi mikubwa huchaguliwa mara nyingi zaidi. Ziwa lingeonekana kutoa samaki wengi kuliko ukweli.

Njia hii nayo ina mipaka. D ikileta kilo 100 siku moja, na ikachaguliwa, itahesabiwa kama kilo 500. Ndiyo maana nafasi kubwa hupewa mitumbwi inayotarajiwa kuvua zaidi. Na mtumbwi unaoshusha samaki usiku, mpimaji akiwa hayupo, nafasi yake ni sifuri. Hakuna mgawanyo unaoweza kuurejesha. Samaki wake hawataonekana katika hesabu yoyote.