ILANI KWA WENYE VYOMBO VYA MOTO: GARI KUCHEMKA KATIKA FOLENI

Wenye vyombo vya moto pamoja na madereva wa gari za abiria wanaarifiwa kwamba gari inayochemka kila inapokwama katika foleni ina hitilafu, hata kama barabarani inakwenda vizuri. Hitilafu hiyo ikiachwa, hupindisha hedi ya injini na kuunguza gasketi yake, na gharama ya matengenezo hayo ni kubwa mara nyingi kuliko gharama ya kifaa kilichoanza kuharibika. Kwa sababu hiyo yanatolewa hapa maelezo ya namna injini inavyopoozwa na namna ya kutambua kosa lilipo.

Tuchukue mfano wa gari ndogo inayotoka Mkokotoni asubuhi kuja mjini. Njia nzima sindano ya kipimo cha joto imesimama katikati. Inapofika Darajani foleni inasimama, na baada ya dakika kumi sindano huanza kupanda kuelekea alama nyekundu. Foleni inapofunguka na gari kushika mwendo, sindano hurejea mahali pake. Mwenye gari huongeza maji, na siku ya pili hali ni ile ile. Fundi wa kwanza humshauri aitoe themostati na kuitupa. Swali ni hili: je, kosa liko katika maji, katika themostati, au katika feni?

Namna injini inavyopoozwa

Maji huzunguka ndani ya injini kwa nguvu ya pampu, huchukua joto, kisha huingia katika rejeta. Humo hupita katika vijineli vyembamba, na upepo unaopenya baina ya vijineli hivyo ndio unaolichukua joto hilo na kulitoa nje. Gari ikiwa mbioni, upepo huletwa na mwendo wenyewe, na feni haina kazi kubwa. Gari ikisimama huku injini inanguruma, upepo huo hukatika, na kuanzia hapo feni peke yake ndiyo inayopitisha hewa katika rejeta. Basi gari inayochemka foleni na kupoa mbioni inatoa ushahidi kwamba upepo umepungua, na wa kushukiwa kwanza ni feni.

Themostati ina kazi nyingine. Hii ni vali ndogo inayofunguka kwa joto. Injini ikiwa baridi, vali hufunga njia ya rejeta ili injini ipate joto haraka. Maji yanapofikia nyuzi 82 hivi za Selsiasi katika gari nyingi, huanza kufunguka, na hufunguka kabisa karibu na nyuzi 95. Ikikwama katika hali ya kufungwa, injini huchemka popote, mbioni na foleni, na aghalabu muda mfupi tu baada ya kuanza safari. Dalili yake ni mpira wa juu wa rejeta kuwa moto sana ilhali rejeta na mpira wa chini ni baridi.

Ama kuitoa themostati kabisa si tiba. Injini huchelewa kupata joto, hula mafuta zaidi na kulika upesi. Tena katika injini nyingi themostati inapofunguka huziba njia ya mkato ambayo maji hupita bila ya kufika katika rejeta. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi daima, sehemu ya maji ya moto hurudi ndani ya injini bila ya kupoozwa, na gari huweza kuchemka zaidi kuliko mwanzo. Anayeitilia shaka aichemshe katika sufuria ya maji: isipofunguka hata maji yanapotokota, inunuliwe mpya.

Kiasi cha maji ndicho kinachobeba vyote viwili. Maji yakipungua, mvuke hukaa juu ya injini mahali palipostahiki maji, na sehemu hiyo huungua. La hatari zaidi ni kwamba kifaa kinachopeleka habari kwenye sindano kikikosa kuguswa na maji, sindano huweza kuonyesha ubaridi wakati injini inaungua. Maji yapimwe asubuhi injini ikiwa baridi, na yawe baina ya alama mbili za chupa ya akiba. Gari inayodai maji kila wiki ina uvujaji, na kuongeza tu hakutoshi. Aidha, maji ya visima vya pwani yenye chumvi yasitumike, kwani hula madini ya rejeta na kuacha magadi yanayoziba vijineli. Yatumike maji ya kupoozea injini yanayouzwa madukani, na yakikosekana, maji safi ya mvua kwa muda.

Kuipima feni

Turudi katika gari yetu ya Mkokotoni. Maji yamepimwa na yametimia. Sindano ilikaa katikati njia nzima, kwa hiyo themostati inafunguka. Imebaki feni, ambayo katika gari hii huendeshwa kwa umeme. Gari isimamishwe penye nafasi, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, na injini iachwe ingurume. Sindano ikipita kidogo mahali ilipozoea, feni yapasa kuanza yenyewe. Isipoanza na sindano ikazidi kupanda, injini izimwe.

Hapo fundi atazame fyuzi na rilei ya feni, kisha aipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Isipozunguka, mota imekufa. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na kosa liko katika fyuzi, rilei, waya au swichi ya joto. Mikono na nguo ziwekwe mbali, kwani feni ya umeme huweza kuanza ghafla hata injini ikiwa imezimwa. Kwa gari ambazo feni huzungushwa na injini, ukaguzi uwe wa mkanda uliolegea na wa klachi ya feni. Iwapo feni nzima inafanya kazi na gari bado inachemka foleni, rejeta itazamwe kama imezibwa na vumbi na majani kwa nje.

Sindano ikipanda ukiwa katika foleni

(a) Zima kiyoyozi. Gari yenye hita, ifungulie kwa nguvu zote, kwani nayo hutoa joto la injini.

(b) Sindano ikifika alama nyekundu, au mvuke ukionekana, egesha pembeni na uzime injini mara moja. Usijaribu kufika nyumbani.

(c) Usifungue mfuniko wa rejeta. Ndani yake maji yamebanwa kwa shinikizo na yamepita nyuzi 100. Mfuniko ukilegezwa, hutoka kwa kishindo na kuunguza uso na mikono. Subiri si chini ya nusu saa, hadi mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono bila ya kuunguza.

(d) Usimwagie injini maji baridi ingali moto, kwani hedi huweza kupasuka.

Baada ya gari kuchemka, mwenyewe atazame kijiti cha oili. Oili ikiwa imegeuka rangi na kufanana na chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake. Gari hiyo isiwashwe tena, bali ivutwe hadi kwa fundi.