Kiporo cha pilau: moto wa asubuhi haufuti kosa la usiku

Katika mwezi wa Ramadhani majiko ya hoteli zetu hayana usingizi. Pilau huepuliwa saa 11 jioni ili iwahi futari, wateja humiminika baada ya Magharibi, na wimbi la pili huingia baada ya Tarawehe. Ifikapo saa 4 usiku mpishi hufunua sufuria kubwa na kukuta wali uliobakia wapata kilo 10. Hapo moyo wake huvutwa huku na huku. Kuumwaga ni israfu, nayo dini imeikataza. Kuutia katika friji anasita, kwa kuwa amefundishwa kwamba chakula cha moto huharibu friji. Basi huifunika sufuria, huiacha juu ya jiko lililozimwa, na kujiambia kuwa kesho ataupasha moto sana hadi vijidudu vyote vife.

Tumeona tuizungumzie kauli hiyo katika ukurasa wetu wa familia wiki hii, kwa kuwa ndiyo inayowalaza watu hospitali. Qur'ani imetutaka tule kilicho halali na kilicho chema kwa pamoja. Nyama iliyochinjwa kisheria hubakia halali asubuhi, lakini wema wake huenda umekwisha kuondoka usiku.

Sumu isiyoogopa moto

Mchele hutoka shambani ukiwa umebeba bakteria wa jamii ya basilasi, ambao makao yao ni udongoni. Wanapofikwa na dhiki, bakteria hawa hujifungia ndani ya ganda gumu, mfano wa mbegu iliyolala kiangazi ikingoja mvua. Maji yanayochemka huwaua walio macho, lakini mbegu nyingi husalimika. Wali unapopoa na kushuka chini ya nyuzi 60 za Selisiasi, mbegu hizo huanza kuamka na kuzaana, na wakizaana hutoa sumu ndani ya wali.

Msiba uko katika sumu hiyo. Bakteria hufa kwa moto wa asubuhi, lakini sumu yao ya kutapisha hubaki. Hustahimili hata nyuzi 121 kwa muda wa saa moja na nusu, joto ambalo sufuria ya kawaida haiwezi kulifikia. Mlaji hushikwa na kutapika kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula. Nyama na mchuzi mzito nao wana bakteria wao, wa jamii ya klostridia, ambao pia huokoka katika mchemko na kuleta msokoto wa tumbo na kuharisha.

Wala pua haitamwokoa mpishi. Wali wenye sumu hii huweza kunukia iliki na mdalasini kama kawaida. Mashahidi wa kutegemewa ni wawili tu: saa na kipimajoto.

Yaliyotokea ndani ya sufuria

Tuirudie sufuria yetu ya kilo 10, ambayo wali wake una kina cha sentimita 25. Wali hupoa kuanzia nje, na joto la katikati husafiri polepole sana kutafuta njia ya kutoka. Kwa hiyo mkono ukigusa juu utaona umepoa, ilhali kiini kinaweza kukaa na uvuguvugu hadi karibu na alfajiri. Uvuguvugu huo ndio bakteria wanaoupenda. Ikiwa bakteria mmoja hugawanyika kila baada ya dakika 20, basi baada ya saa 3 watakuwa 512, na baada ya saa 6 watapita 260,000.

Dawa yake ni kupunguza kina. Katika chakula kizito kama wali, unene ukipungua kwa nusu, muda wa kupoa hushuka hadi karibu na robo. Kwa hiyo mpishi apakue wali wote mara moja na kuutandaza katika sinia pana, usizidi sentimita 5 kwa unene, na minofu mikubwa aiweke mbali. Mchuzi autie katika sufuria ndogo, kisha aisimamishe ndani ya karai lenye maji na barafu yanayofikia kimo cha mchuzi, na aukoroge kila baada ya dakika chache kwa upawa safi.

Kipimo ni hiki: kutoka nyuzi 60, chakula kifike 21 ndani ya saa 2, kisha kifike 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Sehemu ya kwanza imepewa muda mfupi kwa kuwa humo ndimo bakteria huzaana kwa kasi kubwa.

Hapa sisi wa Pwani tuna mtihani wetu. Hewa ya usiku inaweza kuwa nyuzi 27, na chakula kilichoachwa mezani hakitapoa kupita hewa inayokizunguka. Feni itasaidia mwanzo tu. Kwa hiyo sinia ziwekwe juu ya barafu, barafu yenyewe isiguse chakula, na mvuke mwingi ukishaondoka ziingizwe katika friji. Kinachoilemea friji ni sufuria nzima ya moto. Sinia nyembamba zilizoachiana nafasi, bila kubebanishwa, friji huzimudu. Zifunikwe vizuri zikishapoa.

Ikiwa saa 2 zimepita na wali haujafika 21, na mpishi amegundua papo hapo, aupashe mara moja hadi nyuzi 74 na kuanza upya kuupoza, kwa mara hiyo moja tu. Asipojua umekaa hivyo kwa muda gani, aumwage.

Kupasha na kuweka moto

Asubuhi itolewe sehemu inayohitajika tu. Inyunyiziwe maji, ikorogwe juu ya moto mkali, na ifike nyuzi 74 mpaka katikati ndani ya saa 2. Wali baridi usitiwe moja kwa moja katika hotipoti au chombo chenye maji moto chini, kwani vyombo hivyo hutunza joto tu na haviwezi kupika. Kikishapashwa, chakula kikae kwenye nyuzi 60 au zaidi, kipimwe kila saa 2, na kipya kisimiminwe juu ya cha zamani. Kilichobaki baada ya hapo kisipashwe mara ya pili.

Umeme ukikatika, saa iandikwe ukutani na mlango wa friji usifunguliwe. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4. Baada ya hapo, chakula kilichopikwa kihamishiwe kwenye barafu, la sivyo kisihifadhiwe tena.

Israfu huzuiwa mapema

Tunarudi kwenye dhamira ya mpishi wetu, ambaye nia yake ilikuwa njema. Israfu huzuiwa kabla ya moto kuwashwa: apike sufuria mbili za wastani, ya pili iivishwe baada ya Isha kwa kadiri ya wateja waliopo. Kinachobaki saa 4 usiku kikiwa bado juu ya nyuzi 60 kiwafikie wahitaji usiku huo huo, kingali cha moto, na waambiwe wakile papo hapo. Lakini wali uliolala sufuriani usipelekwe madrasa wala kwa mayatima kwa jina la sadaka. Tusichothubutu kukiweka mbele ya watoto wetu, hatuna ruhusa ya kukiweka mbele ya watoto wa wenzetu.

Wallahu a'lam.