Ukiegesha Nakasero, jiulize gari litaserereka kwenda wapi

Mfanyabiashara anayeingia Kampala kutoka Mutukula au Busia hukutana na jambo ambalo hakulizoea kwenye tambarare za mpakani. Mji huu umekaa juu ya vilima. Soko la Nakasero liko chini ya kilima chenye jina hilo, na mitaa inayokizunguka inapanda na kushuka. Kuegesha hapo si kazi ya breki ya mkono peke yake.

Tuchukue lori dogo lenye uzito wa tani 2 likiwa tupu, lililopakia magunia 20 ya mchele ya kilo 100 kila moja. Sasa lina tani 4. Kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, lori tupu huvutwa chini kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 200. Likiwa na mzigo, nguvu hiyo ni kilo 400. Ndiyo maana breki iliyolishika vizuri jana likiwa tupu inaweza kuliachia leo, hasa wapagazi wanapopanda na kushuka na kulitikisa.

Kwa hiyo, kabla ya kuzima injini, jiulize: breki ikiachia, gari litaelekea wapi? Kazi ya kukata usukani ni kulielekeza gari kwenye jiwe la ukingo wa barabara, lisiende katikati ya njia.

Uganda tunaendesha kushoto, hivyo ukingo uko kushoto kwako. Gari likiangalia chini, kata tairi za mbele kushoto na uliache lisogee polepole mpaka tairi liguse jiwe. Likiangalia juu, mambo yanageuka. Simama sambamba na ukingo, karibu nao, kisha kata usukani kulia. Legeza breki kidogo, gari lirudi taratibu mpaka sehemu ya nyuma ya tairi la mbele la kushoto iegemee jiwe. Usikate usukani gari likiwa limesimama kabisa na mzigo juu yake. Likate likiwa linatambaa, maana ni rahisi zaidi na halichoshi viungo vya usukani.

Pasipo na jiwe la ukingo, kata kushoto daima, uwe unapanda au unashuka, ili gari likiserereka litoke barabarani. Lakini kama pembeni kuna mtaro ulio wazi, tafuta mahali pengine.

Baada ya hapo vuta breki ya mkono, kisha weka gia: ya kwanza ukiangalia juu, ya kurudi nyuma ukiangalia chini. Gari la gia za kujiendesha liweke kwenye P baada ya breki ya mkono kushika, ili uzito usikae kwenye kichuma kidogo kilicho ndani ya gia. Mwisho, utingo aweke kabari ya mbao au jiwe kubwa nyuma ya tairi, upande wa chini wa mteremko.

Wenzetu wa Rwanda, Kongo na Sudan Kusini waangalie hapa. Kwao huendesha kulia, na waliofundishwa "kushoto" au "kulia" kwa kukariri watakosea wakivuka Katuna, Mpondwe au Elegu. Kumbuka ukingo, usikumbuke mkono.

Jiwe la ukingo nalo lina mpaka wake. Linazuia gari ambalo tairi lake limeshaligusa. Gari likipata nafasi ya kuserereka mita kadhaa kwanza, linaweza kulipanda. Na pale nafasi zilipochorwa mshazari, ukiangalia juu hakuna cha kukuzuia nyuma, kwa hiyo kwa gari lenye mzigo afadhali nafasi ya sambamba, la sivyo kabari ni lazima.

Pima breki yako kabla ya kuondoka. Gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa, inua mguu polepole huku ukitazama nguzo au ukuta ulio kando. Kitu hicho kikionekana kusogea, gari ndilo linalosogea. Na mkono wa breki ukipanda sana kabla ya kushika, waya umelegea au breki zimelika. Mpelekee fundi kabla ya safari ijayo.

Wakati wa kuondoka, washa injini na ukanyage breki kabla ya kutoa kabari. Kama unaangalia chini, rudi nyuma kidogo kwanza, tairi liachane na jiwe. Kama unaangalia juu, kumbuka tairi zimeelekezwa barabarani: gari litatoka moja kwa moja kwenye njia ya bodaboda, kwa hiyo tazama kioo kabla hujaachia breki.