Oda inapochelewa, kosa linaweza kuwa stoo na si barabarani

Modeli ya SCOR huieleza safari nzima ya bidhaa, tangu kwa anayemuuzia muuzaji hadi kwa mteja wa mteja, kwa kazi 5: kupanga, kununua, kutengeneza, kufikisha na kurejesha. Ilitolewa mwaka 1996 na Baraza la Mnyororo wa Ugavi la Marekani, lililoundwa kwa juhudi za kampuni ya ushauri ya PRTM na kampuni ya utafiti ya AMR. Lengo lilikuwa kuvipa viwanda lugha moja. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na majina yake ya kazi na vipimo vyake, hata mnunuzi na muuzaji walipokaa kuzungumzia uchelewaji uleule, kila mmoja alihesabu siku kwa namna yake.

Kazi hizo 5 si idara za ofisini, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Dalali wa mahindi Kibaigwa naye hupanga, hununua kwa mkulima, huchekecha na kufungasha upya magunia, kisha hufikisha. Kufikisha kwake ndiko kununua kwa kiwanda cha unga cha Dar es Salaam, na kufikisha kwa kiwanda ndiko kununua kwa mwenye duka la jumla. Kila pete ya mnyororo hushikana na nyingine mahali hapo ambapo mmoja anakabidhi na mwingine anapokea. Matatizo mengi hujificha hapo, maana kila upande huhesabu kwamba umeshamaliza yake.

Ili kujua mnyororo unaumwa wapi, SCOR huanza kwa mteja. Kipimo chake kikuu cha uaminifu ni oda kamili: mzigo umefika wote, umefika siku iliyoahidiwa, karatasi zake ni sahihi, na bidhaa haina kasoro. Oda ikikosa sharti moja kati ya hayo 4, haihesabiwi. Ni kipimo kikali, lakini ni cha haki, kwa sababu mwenye duka aliyepelekewa mifuko 80 badala ya 100 hapati faraja yoyote kwa kuambiwa kwamba ankara yake imeandikwa vizuri.

Chukua mfano wa kiwanda cha sembe chenye oda 200 kwa mwezi. Oda 16 zimefika pungufu, 20 zimechelewa, 6 zina makosa ya karatasi na 4 zina mifuko iliyopasuka, na tuseme hakuna oda yenye makosa mawili. Stoo itasema imetoa mzigo wote kwa asilimia 92. Usafirishaji utasema umewahi kwa asilimia 90, uhasibu utajisifu kwa asilimia 97, na wapakiaji kwa asilimia 98. Kila mmoja ana alama nzuri. Lakini oda zenye kasoro ni 46, kwa hiyo oda kamili ni 154 tu, sawa na asilimia 77. Karibu mteja mmoja katika kila wanne amepata sababu ya kulalamika.

Oda zilizochelewa na zilizopungua ni 36, na lawama ya kwanza huwaangukia madereva. Modeli inataka kila moja ifuatwe kinyumenyume, hatua kwa hatua, hadi pale saa zilipoanza kupotea. Katika mfano huu inaonekana kwamba oda 9 zilikwamishwa na magari kweli. Zile 27 nyingine, gari lilikuwepo ila unga haukuwepo. Basi tatizo linahama kutoka kufikisha na kuingia kutengeneza. Daftari la mashine linaonyesha kinu kilisimama siku 4 mwezi huo, wala hakikuharibika. Kilisimama kwa sababu mahindi yaliyokuwa stoo yalikuwa mabichi, yakaanikwa kwanza.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Yakizidi hapo hufukuta ndani ya gunia na kuota ukungu, na ukungu wa aina fulani huzalisha sumukuvu, ambayo kusaga hakuiondoi. Kiwanda kilifanya vyema kusimamisha kinu. Swali ni jinsi mahindi hayo yalivyoingia stoo.

Jibu linapatikana getini. Lori la magunia 300 linafika jioni, vibarua wanashusha usiku, na mpimaji anakuja na kipima unyevu asubuhi, mzigo ukiwa tayari umepangwa juu ya mzigo wa zamani. Dalali amekwishalipwa fedha zote. Hata mpimaji akikuta asilimia 16, hakuna aliyeandika nani ana mamlaka ya kukataa lori, nani analipa nauli ya kulirudisha, wala magunia yaliyokataliwa yakae wapi. Kwa lugha ya modeli, kununua kuna hatua isiyo mahali pake, yaani ukaguzi unaokuja baada ya kupokea, na kurejesha hakupo kabisa. Watu wengi hudhani kurejesha ni mteja kurudisha bidhaa mbovu dukani tu. SCOR inahesabu pia kurejesha kwa upande wa nyuma, kwa aliyekuuzia, na viwanda vidogo husahau upande huo mara nyingi.

Dawa inayowajia wengi haraka ni kuongeza akiba. Ndiyo maana modeli haikubali kipimo kimoja peke yake, bali huweka kando yake kasi, wepesi wa kubadilika, gharama na matumizi ya mali. Ikiwa mahindi na unga hukaa stoo siku 25, maduka hulipa baada ya siku 20, na dalali hulipwa papo hapo, fedha ya kiwanda iko nje siku 45. Akiba ikiongezwa maradufu, siku zinakuwa 70, na mahindi mabichi bado yanaingia kwa mlango uleule. Pengine hata yatazidi, kwa kuwa mahindi mengi zaidi yatanunuliwa kwa pupa.

Marekebisho yenyewe ni madogo. Bambo lichomwe kwenye magunia ya pande mbalimbali za lori kabla turubai halijafunguliwa lote, unyevu upimwe hapohapo, na sehemu ya malipo ibaki hadi kipimo kitoke. Kisha upande wa kupanga, ratiba ya malori ifuate saa za mpimaji.

Modeli ina mipaka yake. Haigusi matangazo na uuzaji, wala ubunifu wa bidhaa mpya. Ngazi zake 3 za juu zinafanana kwa viwanda vyote, ila ya 4, ile ya nani anashika bambo na saa ngapi, kila kiwanda hujiandikia. Majina ya kazi nayo yamebadilika: toleo la mwaka 2022, lililotolewa na chama cha ASCM kilichorithi kazi ya Baraza, limeongeza kuratibu na kupokea oda, na kutengeneza kumepanuliwa kuwa kugeuza, ili hata watoa huduma waingie.

Kwa kiwanda cha mfano, getini pakirekebishwa na zile oda 27 zote zikapona, oda kamili zitakuwa 181, yaani asilimia 90.5. Zitabaki 19 zenye kasoro: 6 za karatasi, 4 za mifuko, na 9 ambazo ni za madereva kweli.