Kikao Kimepita Bila Wewe

Mtunza stoo anasikia kwa dereva kwamba mzigo wa Ijumaa sasa unatoka Jumatano. Yamepangwa kwenye kundi la wasapu ambalo yeye hayumo. Akiuliza "mbona hamkuniambia?", wenzake wataanza kujitetea na mzigo utabaki palepale. Heri amwandikie mpangaji peke yake, si mbele ya kundi: "Habari za kazi, dada. Nimesikia mzigo unatoka Jumatano. Magunia 40 hayajapimwa. Nikianza leo yatakuwa tayari Jumatano saa nane mchana. Naomba unithibitishie saa ya gari, na uniunge kwenye kundi la usafirishaji." Asitie "tena" wala "kama kawaida", vijineno hivyo ndivyo hufichua kinyongo. Asipoungwa baada ya hapo, amwone meneja ana kwa ana.