Kutwa Mara Tatu, Lakini Saa Ngapi?

Kwenye dirisha la dawa, mfamasia anaandika 1x3 juu ya bahasha ya amoksilini na kusema, "Kimoja, kutwa mara tatu." Foleni ni ndefu. Mgonjwa akiuliza, "Umesemaje?" atarudiwa maneno yaleyale, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba masikio yake ndiyo yenye tatizo.

Kumbe pengo limo kwenye maelekezo yenyewe. Wengi wakisikia "kutwa" huelewa mchana tu, wakameza asubuhi, mchana na jioni, kisha usiku kucha dawa inapungua mwilini. Kinachotakiwa ni kila baada ya saa 8.

Mgonjwa makini huanza kwa kurudisha alichosikia, ndipo anyooshe kidole mahali penye utata: "Sawa dada, kimoja mara tatu. Nikianza saa 1 asubuhi, kinachofuata ni saa 9 alasiri, halafu saa 5 usiku?" Sentensi ya kwanza inaonyesha alikuwa anasikiliza. Ya pili inajibika kwa neno moja, na kama amekosea hesabu, mfamasia anaikosoa palepale.

"Nimeelewa" pekee haimwonyeshi mfamasia kilichoeleweka.